Swali la mtihani: mtoto kavimba uso baada ya kuumwa koo, jinsi ya kulijibu hatua kwa hatua

Hili swali linarudi karibu kila mwaka kwa sura tofauti, safari hii mtoto wa miaka 6, safari ijayo wa miaka 9, lakini ugonjwa ni uleule, glomerulonefraitisi ya ghafla baada ya streptokokasi ya koo. Nimesahihisha majibu yake mengi na kinachoniuma ni kwamba wanafunzi wengi jina la ugonjwa wanalipata, alafu wanampa mtoto matibabu ya ugonjwa mwingine. Wanaandika drip kwa sababu mkojo umepungua, au steroidi na albumini kwa sababu kavimba. Kwa hiyo humu nitashika uzi mmoja tu, huyu mtoto amejaa maji na chumvi, hajakaukiwa na wala hajapungukiwa protini ya damu. Ukiliweka hilo kichwani majibu mengine yote yanajifungua yenyewe.

Swali lenyewe ni hili:

Mtoto wa kiume wa miaka 7, uzito kilo 22, kimo sentimita 120, kaletwa na mama yake. Siku 2 sasa anaamka uso umevimba, mkojo umekuwa kidogo na rangi yake kama kola. Siku 12 kabla ya dalili hizi aliumwa koo na homa, ikaisha bila antibiotiki. Presha 138/94, mapigo 104 kwa dakika, anapumua mara 28 kwa dakika, kope zimevimba, miguu imevimba kidogo, mapafu yako safi. Kijiti cha mkojo kinaonyesha damu +++ na protini ++. Mkojo wa saa 24 ni mililita 200.
(a) Taja ugonjwa unaoelekea zaidi na sababu zako. Alama 4.
(b) Eleza uvimbe, presha na damu kwenye mkojo vinatokeaje. Alama 5.
(c) Vipimo gani utaagiza na unategemea majibu gani? Alama 4.
(d) Utamhudumiaje saa 24 za kwanza? Alama 5.
(e) Mama anauliza kama figo zitapona. Utamjibu nini na utamfuatilia vipi? Alama 2.

Hatua ya 1: soma swali kwa kuhesabu siku

Kabla hujaandika chochote piga mstari chini ya ile "siku 12". Ndo namba yenye thamani kuliko zote kwenye swali. Baada ya streptokokasi ya koo mwili unahitaji wiki 1 mpaka 3 hivi kutengeneza kingamwili na figo kuanza kuumia, mara nyingi inaangukia kama siku 10. Maambukizi yakiwa ya ngozi inachukua muda mrefu zaidi, wiki 3 mpaka 6. Sasa kama swali lingesema koo limeanza jana na leo mkojo mwekundu, hapo ungefikiria nefropathia ya IgA, maana hiyo damu inatoka koo likiwa bado linauma au siku moja mbili tu baadae, na C3 yake inakuwa ya kawaida. Mtunga swali anaweza kubadilisha namba hiyo moja tu akabadilisha ugonjwa mzima, na asiyehesabu siku hatagundua.

Alafu piga hesabu ya mkojo, usiandike tu "umepungua". Mililita 200 gawa kwa kilo 22 gawa kwa saa 24, unapata kama 0.38. Hiyo iko chini ya mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, kwa hiyo ni oliguria ya kweli na umeithibitisha kwa namba.

Jibu la mfano (a): "Glomerulonefraitisi ya ghafla baada ya maambukizi ya streptokokasi. Sababu: mtoto yuko kwenye umri wa kwenda shule, dalili zimeanza siku 12 baada ya kuumwa koo, na ana picha kamili ya nefritiki, yaani mkojo wenye damu, uvimbe wa kope, presha ya juu na mkojo wa 0.38 ml/kg/saa. Sio sindromu ya nefrotiki kwa sababu damu na presha ndivyo vilivyotawala, wakati nefrotiki hutawaliwa na protini nyingi sana kwenye mkojo na albumini kushuka."

Sentensi ya mwisho hapo usiiache. Msahihishaji anataka kuona kwamba umeufikiria huo mwingine na ukaukataa kwa sababu.

Hatua ya 2: jibu (b) kama mnyororo

Hapa ndo alama nyingi zinapotea na ndo pale ninapotaka tukae kidogo. Wengi wanaandika "kinga inashambulia figo" wanahamia swali linalofuata. Hiyo ni alama moja. Zilizobaki ziko kwenye kuunganisha.

Anza na streptokokasi ya kundi A, aina zile zinazojulikana kuleta ugonjwa wa figo. Bakteria mwenyewe haendi kwenye figo, na hilo liseme wazi, maana wapo wanaoandika kwamba maambukizi "yameshuka" kutoka kooni. Kinachofika kwenye glomeruli ni antijeni zake, na kingamwili zinakutana nazo, nyingine zikiwa bado kwenye damu na nyingine antijeni ikiwa imeshanasa kwenye ukuta wa chujio. Ule mkusanyiko unawasha komplimenti, seli nyeupe zinamiminika, seli za glomerulasi zenyewe zinaongezeka, na vile vimirija vidogo vya damu vinabanwa. Hii ni hypasensitiviti ya aina ya 3.

Kuanzia hapo gawanya njia mbili. Njia ya kwanza, ukuta wa chujio umeumia, seli nyekundu zinapenya na protini kiasi inapita, ndo unapata mkojo wa rangi ya kola. Hauwi mwekundu wa kung'aa kwa sababu damu imekaa kwenye mkojo wenye asidi na hemoglobini imebadilika rangi. Njia ya pili, eneo la kuchujia limepungua, kwa hiyo kasi ya kuchuja inashuka, lakini tubuli ziko salama na zinaendelea kurudisha sodiamu na maji kama kawaida. Kinachoingia ni kingi kuliko kinachotoka. Ujazo wa damu unapanda, presha inapanda, na maji yanayozidi yanatokea kwanza pale ngozi ilipo laini, kwenye kope, hasa asubuhi baada ya kulala.

Jibu la mfano (b): "Antijeni za streptokokasi na kingamwili hukusanyika kwenye glomeruli na kuwasha komplimenti, na kuleta inflamesheni. Ukuta ulioumia hupitisha seli nyekundu na protini, hivyo hematuria na protinuria. Kasi ya kuchuja hushuka huku tubuli zikiendelea kufyonza sodiamu na maji, hivyo mkojo hupungua, ujazo wa damu huongezeka, na matokeo yake ni presha na uvimbe. Uvimbe huu unatokana na kujaa kwa maji na chumvi, sio na upungufu wa albumini."

Hiyo sentensi ya mwisho ndo inakuokoa kwenye (d).

Hatua ya 3: vipimo, na sema unategemea nini

Swali limesema "unategemea majibu gani", kwa hiyo orodha tupu ya vipimo inapata nusu. Na usiagize kila kitu duniani.

Anza na mkojo chini ya hadubini. Unatafuta seli nyekundu zilizoharibika umbo, na kasti za seli nyekundu, vile vipande virefu kama silinda, seli zimepangana ndani yake, vimechukua umbo la tubuli vilipotengenezewa. Ukiona kasti hata moja ya namna hiyo unajua damu imetoka kwenye glomerulasi, haijatoka kwenye kibofu. Ila mkojo uwe wa sasa hivi. Nimeona mara nyingi mkojo umechukuliwa asubuhi ukakaa mezani mpaka mchana, kasti zinavunjika na jibu linarudi "hakuna kasti", watu wanaanza kutafuta ugonjwa mwingine. Kama unaweza, beba mwenyewe, ukaangalie mwenyewe ndani ya saa moja.

Cha pili ni komplimenti. C3 inashuka karibu kwa wagonjwa wote wiki 2 za mwanzo na C4 kwa kawaida inabaki sawa, kwa sababu komplimenti inatumika zaidi kupitia njia mbadala ambayo haigusi C4. Zikiwa zimeshuka zote mbili sana, fikiria lupasi.

Cha tatu ni ushahidi wa streptokokasi. ASO inafaa kwa koo. Kwa ngozi haipandi vizuri, hapo unataka anti-DNase B. Swabu ya koo ichukue lakini usishangae ikiwa hasi, mdudu anaweza kuwa ameshaondoka wakati figo ndo kwanza zinaugua. Na ASO ikiwa juu peke yake inasema tu kwamba mtoto alikutana na streptokokasi karibuni, haisemi kwamba figo zimeumizwa nayo.

Alafu kreatinini, yurea na elektrolaiti, jicho lako likiwa kwenye potasiamu, maana hiyo ndo inaweza kumuua leo. Picha ya kifua ni kama anahema kwa shida. Biopsi ya figo huhitaji siku ya kwanza, uandike hivyohivyo.

Jibu la mfano (c): "Mkojo kwa hadubini: seli nyekundu zilizoharibika umbo na kasti zake. C3 chini, C4 kawaida. ASO juu. Kreatinini na yurea zinaweza kuwa juu, potasiamu inaweza kupanda, albumini kawaida au imeshuka kidogo. Biopsi haihitajiki sasa, itafikiriwa kama kreatinini inapanda kwa kasi, protini ikiendelea kuwa nyingi, au C3 ikibaki chini baada ya wiki 8 mpaka 12."

Hatua ya 4: saa 24 za kwanza

Mlaze. Presha ya 138/94 kwa mtoto wa miaka 7 ni ya juu sana na mkojo umepungua, huyu harudi nyumbani. Kwanza rudia presha wewe mwenyewe kwa kafu ya saizi yake, maana kafu ndogo inadanganya inasoma juu. Mpira wa ndani wa kafu upana wake uwe kama asilimia 40 ya mzunguko wa mkono.

Sasa maji. Usimpe drip ya "kufungua figo". Mkojo umepungua kwa sababu chujio limeziba, sio kwa sababu mishipa imekauka, ukimwaga maji juu yake unampeleka kwenye mapafu kujaa na moyo kushindwa. Unampa anayoyapoteza tu: yale yanayotoka kwa ngozi na kuhema, kama mililita 400 kwa kila mita ya mraba ya mwili kwa siku, ujumlishe na mkojo aliotoa.

Hesabu yake hii hapa. Kimo 120 zidisha uzito 22 ni 2640, gawa kwa 3600 ni 0.73, kipeuo chake ni kama 0.86. Kwa hiyo mita za mraba 0.86. Zidisha kwa 400 unapata kama mililita 340. Ongeza mkojo wake 200. Jumla mililita 540 kwa siku nzima, kila kitu kikiwemo, chakula cha majimaji, maji ya kumezea dawa, yote. Mweleze mama, kama hajui atampa mtoto maji kila akilia kiu na hutamlaumu. Chumvi isiongezwe kwenye chakula, na vyakula vyenye potasiamu nyingi visubiri mpaka mkojo urudi.

Furosemaidi ndo dawa yako ya kwanza kwa sababu inagusa chanzo cha presha na uvimbe kwa pamoja. Miligramu 1 kwa kilo kwenye mshipa, huyu anapata kama 20. Presha isiposhuka vizuri unaongeza nifedipini, miligramu 0.25 kwa kilo, yaani kama 5, ameze, usiweke chini ya ulimi maana presha inaweza kuporomoka ghafla. Dawa za kundi la kaptoprili usikimbilie, zinaweza kupandisha potasiamu kwa mtu ambaye figo zake tayari hazifanyi kazi vizuri.

Penisilini mpe. Benzathini penisilini yuniti 600,000 kwenye msuli mara moja, kwa mtoto wa chini ya kilo 27, kama hana mzio. Lakini andika sababu sahihi: ni kumwondoa bakteria aliyebaki asisambae kwa wengine, haibadilishi mwendo wa ugonjwa wa figo ulioshaanza. Steroidi hazina kazi kwenye ugonjwa huu wa kawaida.

Jibu la mfano (d): "Nitamlaza. Presha kila saa 4 au mara nyingi zaidi, uzito kila asubuhi kwa mizani ileile, maji yanayoingia na mkojo unaotoka viandikwe. Maji 540 ml kwa siku, chumvi ipunguzwe. Furosemaidi 20 mg kwenye mshipa, nifedipini ya kumeza 5 mg kama presha bado juu. Benzathini penisilini yuniti 600,000. Nitapima potasiamu na kreatinini kila siku. Dayalisisi kama potasiamu, maji kwenye mapafu au sumu za yurea vitashindikana kwa dawa."

Swali la nyongeza ambalo lazima uwe nalo tayari

Kwenye mtihani wa mdomo watakuuliza: usiku huohuo mtoto analalamika kichwa, anatapika, anasema haoni vizuri, alafu anapata degedege. Ni nini? Jibu ni presha imegonga ubongo. Nikiwa intani nilipokea mtoto wa hivi, degedege mbili, tukamwanzishia dawa za maambukizi ya ubongo na tukawa tunajiandaa kuchukua maji ya uti wa mgongo. Nesi mmoja mtu mzima akamwangalia kope akauliza, "Daktari, presha ya huyu mtoto ngapi?" Hakuna aliyekuwa amepima. Ilikuwa 170 juu. Mkojo uliokuwa kwenye chupa chini ya kitanda ulikuwa wa kahawia na wote tulikuwa tumeupita. Tangu siku hiyo mtoto yeyote mwenye degedege napima presha kabla sijatafuta jambo lingine, na wanafunzi wangu nawafundisha hivyo.

Matibabu: zuia degedege, njia ya hewa, alafu labetaloli au hidralazini kwenye mshipa pamoja na furosemaidi. Usiishushe presha mpaka kawaida kwa mkupuo mmoja, lenga kuipunguza isizidi robo ya kiasi kinachotakiwa kushuka ndani ya saa 8 za kwanza, kinachobaki kishuke taratibu siku moja au mbili zinazofuata. Ukishusha haraka unamnyima ubongo damu.

Hatua ya 5: mama

Alama 2 tu lakini andika kama unaongea na mtu kweli. Huhitaji kumficha wala kumtisha.

Jibu la mfano (e): "Mama, watoto wengi sana wenye ugonjwa huu, zaidi ya 95 kwa kila 100, figo zao zinapona kabisa. Ndani ya wiki moja hivi mkojo utaanza kuongezeka, uvimbe utaondoka na presha itafuata. Rangi ya mkojo inaweza kuchukua wiki kadhaa kukaa sawa. Damu isiyoonekana kwa macho inaweza kuonekana kwenye kipimo hata mwaka mzima au zaidi, hiyo peke yake isikutie hofu. Ugonjwa huu kwa kawaida haurudi mara ya pili. Akiumwa kichwa sana, akitapika, akihema kwa shida au mkojo ukipungua tena, mlete siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kliniki."

Kwenye ufuatiliaji andika presha, kijiti cha mkojo na kreatinini, wiki ya kwanza baada ya kutoka na kisha kila mwezi mpaka vitulie, na C3 irudiwe wiki ya 8. Hii C3 watu wengi wanaisahau kwa sababu mtoto anakuwa anacheza, uso umerudi, kila mtu kafurahi. Ikiwa bado iko chini wakati huo, ipime tena baada ya wiki chache, na ikigoma kupanda mpaka wiki ya 12 basi jina mlilompa mtoto siku ya kwanza huenda halikuwa sahihi, kuna glomerulopathia ya C3 ambayo mwanzoni inafanana nayo kabisa na hiyo haiponi yenyewe. Mpeleke kwa mtaalamu wa figo za watoto akafanyiwe biopsi.